"Walichaguliwa" na Nani?

Nilipoandika tasnifu yangu ya kwanza, msimamizi wangu alinirudishia sura ya tatu ikiwa imezungushiwa wino mwekundu kila mahali nilipoandika "nili-". Pembeni aliandika neno moja tu: "Mtafiti." Nikatii. "Nilihoji" ikawa "mtafiti alihoji", na pale nilipochoka kumtaja huyo mtafiti nikaandika "ilihojiwa", "ilibainika", "ilionekana". Sura ikapita. Miaka kadhaa baadaye niliirudia kwa shida ya kweli, kwa kuwa nilitaka kujua ni nani hasa aliyenitafutia wale wazee niliowahoji, na sura yenyewe haikuweza kunijibu. Iliniambia kwamba wazee "walipatikana".

Tangu hapo nimesoma rasimu nyingi za wanafunzi na wenzangu, na ninaikuta shida hiyohiyo. Wengi wamefundishwa kwamba kujitaja ni kukosa adabu ya kisomi, kwamba sayansi husema yenyewe na mwandishi anapaswa kukaa nyuma ya pazia. Wachache wameruka upande wa pili, makala yao imejaa "mimi binafsi nahisi" hadi wahojiwa wamepotea. Makundi yote mawili yanamnyima msomaji jambo lilelile, yaani kujua nani alifanya nini.

Kwanza tuangalie lugha yenyewe, maana Kiswahili kina vyombo vyake katika jambo hili na hatulazimiki kuazima mijadala ya lugha nyingine. Kiswahili kina "mimi" na kina "ni-", na uzito wa viwili hivyo ni tofauti sana. "Ni-" ni kiambishi tu, silabi moja ndani ya kitenzi. Ukiandika "nilirekodi mahojiano kwa simu", msomaji anapita bila kuhisi kwamba umejitanguliza, jicho lake linatua kwenye kurekodi na kwenye simu. Ukiandika "mimi nilirekodi mahojiano kwa simu", umeanza kushindana na mtu. "Mimi" hutumika pale mtu anapojitofautisha na wengine, "mimi nilikwenda, yeye alibaki". Kwa hiyo anayelalamika kwamba nafsi ya kwanza inaifanya makala iwe ya majivuno, mara nyingi kinachomuudhi ni "mimi", wala si "ni-". Makala ndefu inaweza kuwa na "ni-" nyingi za kawaida na isiwe na "mimi" hata moja.

Njia za kujificha nazo ni za aina yake. Iko kauli ya kutendwa, "washiriki walichaguliwa", "data zilichambuliwa", ambayo humwondoa mtendaji mlangoni. Iko kauli ya kutendeka, "ilibainika", "ilipatikana", "inaaminika", ambayo kwangu ni mbaya zaidi. Ya kutendwa walau inakiri kwamba palikuwa na mtu aliyetenda, na ukitaka unaweza kuongeza "na fulani". Ya kutendeka inasema jambo lilitokea lenyewe. "Ilibainika kuwa vijana hawapendi kilimo" inasomeka kama "kulikucha", kana kwamba hakuna aliyeuliza, aliyejibu wala aliyefasiri.

Na iko ile "mtafiti". Katika Kiswahili, neno hili lina hasara ambayo wengi hawaihesabu. Kiambishi "a-" kinamfaa kila mtu, mwanamume na mwanamke, mtafiti na mhojiwa. Soma sentensi hii: "Mtafiti alimweleza mhojiwa kwamba angeweza kuondoka wakati wowote akijisikia vibaya." Nani aondoke? Tunakisia kuwa ni mhojiwa kwa sababu tunajua taratibu za maadili ya utafiti, lakini sentensi haikusema. Hii nayo: "Mtafiti alipomuuliza mama huyo kuhusu deni, alinyamaza kwa muda." Hapa hata kukisia ni kazi. Andika "nilipomuuliza mama huyo kuhusu deni, alinyamaza kwa muda", na giza lote limeondoka. "Ni-" na "a-" zimegawana watu wawili waliokuwa kibandani siku ile. Mbaya zaidi, sura ya mapitio ya maandiko nayo imejaa watafiti wengine, kwa hiyo "mtafiti" wa ukurasa wa 40 anaweza kuwa wewe, msaidizi wako, au mtu aliyechapisha kitabu zamani.

Basi tuone madhara yake katika kazi yenyewe. Mfano huu nimeubuni, lakini kila kipande chake nimewahi kukikuta mahali. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anachunguza jinsi mama lishe wa soko moja la Dar es Salaam wanavyotumia vikundi vya kuweka na kukopa. Katika rasimu yake ya kwanza ameandika hivi:

"Washiriki 24 walichaguliwa kwa mbinu ya sampuli lengwa. Mahojiano yalifanyika katika maeneo yao ya kazi baada ya ridhaa kupatikana. Mahojiano mawili hayakutumika. Ilibainika kuwa mama lishe wengi wanaridhika na vikundi vyao."

Kwa sarufi, aya hii haina kosa. Wasimamizi wengi wangeipitisha. Sasa tumkalishe mwandishi chini na kumuuliza swali moja kwa kila kitenzi: nani? Walichaguliwa na nani? Anajibu kwamba alikwenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa kama utaratibu unavyotaka, na mwenyekiti akampa orodha ya majina 15. Hao wengine 9 alitambulishwa kwao na mama yake mzazi, aliyewahi kupika katika soko hilohilo kwa miaka mingi. Ridhaa ilipatikanaje? Wote walikubali kwa mdomo, naye akarekodi maneno yao mwanzoni mwa kila mahojiano. Mahojiano mawili hayakutumika kwa nini? Mashine ya kusaga ya jirani ilimeza sauti, moja kutoka orodha ya mwenyekiti na moja kutoka kwa wale wa mama. "Wengi" ni wangapi? Ni 14 kati ya 22 waliobaki.

Kisha linakuja swali ambalo aya ya kwanza ililizika kabisa. Hao 14 walioridhika walitoka upande gani? Anafungua daftari lake na kuhesabu. Kumi na wawili walitoka kwenye orodha ya mwenyekiti, ambayo ilikuwa imebaki na watu 14. Kwa mama yake, waliobaki walikuwa 8, na walioridhika ni 2 tu. Na mwenyekiti, anakumbuka sasa, ndiye mlezi wa kikundi kikubwa kuliko vyote sokoni hapo.

Tazama kilichokuwa kimefichwa na "walichaguliwa". Ukijua aliyechagua, matokeo yanageuka. Pengine hawa wanawake wanaridhika kweli, na mwenyekiti aliwataja kwa kuwa ndio anaowafahamu kutokana na kikundi. Pengine waliogopa maneno yao yangemfikia. Pengine wale wa upande wa mama walikuwa huru zaidi kulalamika mbele ya mtoto wa mwenzao, au waliona wana wajibu wa kumsaidia binti kupata habari nzito. Hatujui bado, lakini walau sasa kuna swali la kufuatilia. Katika fizikia haibadilishi kitu nani aliyeshika kipimajoto. Katika sayansi ya jamii mwulizaji ni sehemu ya kipimo, na aliyemleta mhojiwa pia.

Rasimu ya pili mwandishi alipoambiwa ajitaje, akamwaga kila kitu: "Mimi binafsi niliamua kuchagua mama lishe kwa sababu nina mapenzi nao tangu utotoni. Nilipofika sokoni nilihisi huzuni na furaha kwa pamoja. Nilikumbuka nilivyokuwa nikimsaidia mama kuosha sahani. Nilizungumza na washiriki na niliona kwamba wana matatizo mengi. Kwa maoni yangu mimi, nadhani vikundi vinawasaidia." Aya imejaa "ni-", na bado hatujui aliyemchagua nani. Nafsi ya kwanza imeongezeka, habari haikuongezeka. Wanawake 22 wamekuwa pazia la nyuma la kumbukumbu za mtu mmoja.

Humo ndani kuna neno moja ambalo ninaomba tulitazame kwa makini, nalo ni "niliona". Katika Kiswahili kuona ni kwa macho na kuona ni kwa fikra. "Niliona wakihesabu fedha jioni" ni ushahidi. "Niliona kwamba vikundi vinawasaidia" ni maoni. Katika mazungumzo hakuna tatizo, lakini katika makala maana hizo mbili zikipokezana, msomaji hajui lini ulikuwepo na lini unafikiri. Bronisław Malinowski, katika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1922 kuhusu watu wa visiwa vya Trobriand, alidai kwamba mtafiti atenganishe waziwazi aliyoyashuhudia na aliyoambiwa na wenyeji, kwa upande mmoja, na yale aliyoyahitimisha mwenyewe, kwa upande mwingine. Mtu hawezi kutimiza dai hilo bila nafsi ya kwanza. Kwa Kiswahili mimi hutenganisha hivi: nilishuhudia, waliniambia, nahitimisha. "Niliona" nimeiachia macho peke yake.

Malinowski huyohuyo anatuonyesha pia mpaka wa upande wa pili. Akiwa huko visiwani aliandika shajara, yenye hasira zake, upweke wake na maneno makali kuhusu watu aliokuwa akiishi nao. Ilichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa amekwisha kufariki, na ikawashtua wengi. Mjadala wa kama angepaswa kuyaweka hayo kitabuni ni mrefu, lakini kwa anayeandika makala ya kurasa 20 ninaweka kipimo chepesi. Hisia yako inaingia pale tu ilipobadilisha ulichouliza, ulichoambiwa au ulichoacha. Kama uliogopa mgambo wakapita nawe ukakatiza mahojiano, andika, kwa sababu mahojiano hayo ni mafupi na msomaji anastahili kujua. Kama ulifurahi tu kurudi sokoni, furaha hiyo ni yako na ya shajara yako.

Kipimo hicho ndicho ninachokitumia pia kwa ile aya ya kujieleza ambayo majarida mengi sasa huiomba, mwandishi aseme yeye ni nani mbele ya watu aliowachunguza. Wengi huijaza kabila, umri, dini na shahada, kama fomu ya kitambulisho. Jomo Kenyatta alilifanya jambo hili vizuri zaidi mwaka 1938 katika kitabu chake kuhusu Wagikuyu, kilichotokana na masomo yake ya anthropolojia London chini ya Malinowski. Katika dibaji alieleza kwa nini ana haki ya kusema anayoyasema: kwamba alipitia jando mwenyewe, na kwamba ujuzi wake wa mambo ya uganga ulianza alipokuwa akifuatana na babu yake na kumbebea mkoba. Kila jambo alilolitaja linahusiana na sura fulani ya kitabu. Unaweza kubishana naye, na wapo waliobishana naye sana, kwamba mtu wa ndani huipamba jamii yake. Lakini unabishana ukijua alikosimama. Kwa mwanafunzi wetu wa mama lishe, sentensi "mama yangu alipika sokoni hapo" ina kazi, na kabila lake huenda halina, mpaka litakapoonekana kwenye majibu.

Sasa tuirudie aya, mara ya tatu:

"Niliwapata washiriki kwa njia mbili. Mwenyekiti wa mtaa alinipa majina 15, na mama yangu, aliyewahi kupika sokoni hapo, alinitambulisha kwa wengine 9. Niliwahoji kwenye vibanda vyao kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, wateja wakiwa wachache. Kila mmoja alikubali kwa mdomo, nami nikarekodi maneno hayo mwanzoni mwa mahojiano. Niliacha rekodi mbili kwa sababu kelele za mashine ya kusaga zilifunika sauti. Kati ya 22 waliobaki, 14 walisema wanaridhika na vikundi vyao. Kumi na wawili kati ya hao walitoka kwenye orodha ya mwenyekiti, ambaye ni mlezi wa kikundi kimoja. Kwa sababu hiyo siyachukui majibu yao kuwa sauti ya soko zima."

Hesabu "ni-" zilizomo. Nyingine si za mtenda. "Alinipa", "alinitambulisha": hapa mwandishi ametendewa. Hili ni jambo zuri ambalo kitenzi cha Kiswahili kinaliruhusu bila jasho, "ni-" kukaa katikati, mahali pa mtendwa. Uwandani mtafiti hatendi tu. Anapewa majina, anakaribishwa chai, ananyimwa majibu, anapimwa kwa macho. "Walinikatalia" ni habari kamili kuhusu utafiti, na "ushirikiano haukuwa wa kuridhisha" si habari.

Tazama pia kwamba aya ilipofika kwenye matokeo, "ni-" ilinyamaza. "Kumi na wanne walisema." Hapo mwenye jambo ni mama lishe, naye amepewa kiima cha sentensi. Huu ndio mgawanyo ninaoufuata katika makala nzima. Kwenye mbinu, maamuzi ni yangu, kwa hiyo najitaja. Kwenye matokeo, walionena ni wao. Kwenye mjadala ninarudi, maana dai ni langu: "nadai", "nayasoma majibu haya kama". Na mwishoni mwa aya ile, "siyachukui" imerudi kwa sababu hiyohiyo, kuna uamuzi wa kufasiri na lazima uwe na mwenyewe. Asiyetaka kusema "nadai" anaweza kusema "makala hii inadai", hakuna ubaya, msomaji anajua makala ina mwandishi. Ubaya ni "inadaiwa", kwani hapo dai lako limefanana na uvumi wa mtaani.

Kauli ya kutendwa haina dhambi kwa asili yake. "Soko lilijengwa upya baada ya moto" ni sentensi nzuri ikiwa makala haihusu wajenzi. "Jina la kikundi limebadilishwa" ni sawa, kila mtu anajua nani amebadilisha na kwa nini. Na mara nyingine kuficha mtendaji ni wajibu: ukiandika "niliambiwa kwamba fedha za kikundi zilikopeshwa kwa siri", umemlinda aliyekuambia, na hapo kinga yake inatangulia haki ya msomaji. Tofauti ni kwamba katika sentensi hizo mwandishi anamjua mtendaji na ameamua kutomtaja. Katika rasimu nyingi ninazozisoma, mwandishi amemsahau.

Lipo pia suala la "tu-". Mwandishi mmoja anaandika "tumechambua", "tunaona", akidhani ni unyenyekevu. Kiswahili hakitofautishi "sisi pamoja nawe msomaji" na "sisi bila wewe", kwa hiyo "tumeona kwamba wanawake hawa wana hofu" inaweza kuwa wewe peke yako, wewe na wasaidizi wako, au wewe na mimi ninayekusoma, ambaye sijaona kitu. Kama uko peke yako, tumia "ni-". Mwongozo wa uandishi wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, unaotumiwa na majarida mengi ya sayansi ya jamii, katika toleo lake la 7 la mwaka 2019 unasema hivyohivyo: mwandishi mmoja ajitaje kwa nafsi ya kwanza umoja, na asijiite "mtafiti" anapoeleza kazi yake mwenyewe. Kama mko wawili au zaidi, "tu-" ni yenu kwa haki, lakini msimeze kazi za wengine. Wadadisi sita walioajiriwa kuzunguka nyumba kwa nyumba ndio waliohoji. "Tulihoji kaya 300" si kweli ikiwa ninyi mlibaki ofisini mkisubiri madodoso.

Najua kuna vyuo na majarida ambayo bado yanadai "mtafiti". Mwanafunzi hawezi kuvunja kanuni ya chuo kwa sababu ya makala ya gazeti. Nionavyo, akubali neno na akatae giza. Amwite "mtafiti" yeye peke yake, msaidizi amwite "msaidizi", na waandishi wa vitabu awataje kwa majina yao. Pale "a-" mbili zinapogongana, arudie nomino hata kama sentensi itakuwa nzito: "mtafiti alipouliza kuhusu deni, mama huyo alinyamaza." Na taarifa za nani alichagua, nani alitafsiri, nani alikuwa amekaa karibu mahojiano yakiendelea, zote ziingie. Kanuni ya chuo inakataza kiambishi. Sijaona kanuni inayokataza kusema kwamba mwenyekiti ndiye aliyetoa orodha.

Kama una rasimu mezani, ninakuomba uanze na sura ya mbinu, kwa kalamu na si kwa kompyuta. Pigia mstari kila kitenzi cha kutendwa na cha kutendeka, kisha andika pembeni jina la aliyetenda. Mahali ambapo kalamu itasimama kwa kukosa jina, acha kuandika, ufungue daftari lako la uwandani, au umpigie simu msaidizi wako umuulize, kabla naye hajasahau.